Ununue mifuko mingapi kwa safari moja? Hesabu ya kiasi nafuu cha oda kwa mwenye duka

Swali hili nimeulizwa na wenye maduka mara nyingi mpaka nimeamua kuliandika. Huja kwa sura mbili. Mmoja anasema: "Kila wiki naenda Kariakoo, nauli inanimaliza." Mwingine anasema: "Nimejaza stoo, sasa hela yote imelala kwenye sukari na sina ya kununulia sabuni." Tatizo lao ni moja, ila kila mmoja ameliangukia kutoka upande wake. Ukinunua kidogo kidogo unalipia safari nyingi, na ukinunua kwa wingi unalipia mzigo kukaa. Katikati kuna kiasi ambacho gharama hizo mbili zikijumlishwa zinakuwa ndogo kuliko kwingine kote, na kukipata kunahitaji namba tatu tu.

Nitatumia mfano wa mama mmoja mwenye duka kijijini, wilaya ya Kisarawe, anayechukua mzigo Kariakoo. Bei na nauli humu ni za mfano, kwa hiyo weka zako. Tutaanza na sukari, mfuko wa kilo 50, kwa sababu inauzika kila siku bila kurukaruka sana, na hesabu hii inapenda bidhaa ya namna hiyo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Daftari la mauzo la miezi mitatu au zaidi. Kama huandiki mauzo, tumia risiti za manunuzi: jumlisha mifuko yote uliyonunua katika muda huo, toa iliyobaki stoo, na kinachobaki ndicho ulichouza.

Orodha ya kila senti iliyotoka mfukoni safari yako ya mwisho, pamoja na zile ndogo ndogo za bajaji na maji ya kunywa.

Riba unayolipa kama mtaji ni wa mkopo. Kama ni hela yako mwenyewe tutaona cha kufanya.

Simu yenye kikokotoo chenye alama ya √, yaani kipeuo cha pili. Kwenye simu nyingi alama hiyo inajificha mpaka uilaze simu ubavu.

Hatua ya 1: Tafuta mauzo ya mwaka

Chukua mauzo ya wiki ya kawaida, uzidishe kwa 52. Mama yetu anauza mifuko 6 kwa wiki, kwa hiyo 6 × 52 = 312 kwa mwaka. Hesabu mifuko, usihesabu shilingi. Na ile wiki moja ya harusi iliyomaliza mifuko 14 iache pembeni, itakudanganya.

Hatua ya 2: Tafuta gharama ya safari moja

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo tulia kidogo. Unatafuta hela inayotoka kwa sababu tu umekwenda, iwe umenunua mfuko mmoja au arobaini. Safari ya mama yetu ilikuwa hivi:

- Nauli kwenda na kurudi: 14,000
- Chakula na maji: 5,000
- Bajaji za mjini: 6,000
- Makato ya kutoa hela kwa wakala: 2,000
- Faida iliyopotea kwa kufunga duka siku nzima: 25,000

Jumla ni 52,000. Mstari wa mwisho ndio aliobisha. "Hiyo sijailipa mtu," alisema. Ni kweli hakumlipa mtu, lakini siku duka likiwa wazi hubaki na faida ya kama 25,000, na siku ya safari hiyo faida haipo. Angekuwa na kijana wa kushika duka, tungeandika posho ya kijana badala yake.

Sasa angalia kisichokuwemo kwenye orodha. Kenta inayoleta mzigo inamtoza 2,500 kwa kila mfuko, na makuli 500 kwa kila mfuko. Hizo hazimo, kwa sababu akinunua mifuko 312 kwa mwaka atazilipa mara 312, safari ziwe kumi au hamsini. Hazipungui kwa kupunguza safari. Mahali pake ni kwenye bei ya kununulia: sukari 122,000, kenta na makuli 3,000, mfuko unafika dukani kwa 125,000.

Kama wewe unakodi gari zima kwa bei moja bila kujali umepakia nini, hapo kodi ya gari inaingia kwenye gharama ya safari. Jiulize tu: nikiongeza mfuko mmoja, hela hii itaongezeka? Ikiongezeka, iweke kwenye bei ya mfuko. Isipoongezeka, ni ya safari.

Hatua ya 3: Tafuta gharama ya mfuko mmoja kukaa stoo mwaka mzima

Najua hakuna mfuko wako utakaokaa mwaka. Ni kipimo tu, kama vile riba inavyotajwa kwa mwaka hata ukikopa miezi miwili.

Sehemu kubwa hapa ni hela iliyolala. Mama yetu anakopa kwenye kikundi kwa asilimia 2 kwa mwezi, sawa na 24 kwa mwaka. Asilimia 24 ya 125,000 ni 30,000. Kama hela ni yako, weka kile ambacho hela hiyo ingekuletea mahali pengine pa uhakika. Ukiandika sifuri unasema hela yako haina kazi nyingine, na hapo hesabu itakushauri ununue lori zima.

Kisha upotevu: mfuko unaopasuka, sukari inayovuta unyevu na kuganda, panya, na kijiko kimoja kimoja kinachomwagika. Yeye tulimkadiria 2,000 kwa mfuko kwa mwaka. Halafu mlinzi na nafasi, 4,000. Jumla ni 36,000 kwa mwaka, yaani kila mfuko unakula 3,000 kila mwezi ukiwa umekaa pale kimya.

Kodi ya stoo ina mtego wake. Kama unalipa chumba kile kile iwe kimejaa au kitupu, usiiweke, maana kupunguza mzigo hakutakupunguzia kodi. Iweke kama nafasi hiyo ungeipangisha, au kama mzigo ukizidi unalazimika kukodi chumba kingine.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Zidisha 2 kwa mauzo ya mwaka, kwa gharama ya safari. Gawanya kwa gharama ya mfuko kukaa mwaka. Kisha bonyeza √.

2 × 312 × 52,000 = 32,448,000
32,448,000 ÷ 36,000 = 901.3
√901.3 = 30

Mifuko 30 kwa safari, yaani safari moja kila wiki tano. Kwenye jedwali la kompyuta au la simu andika hivi:

```
=SQRT(2*312*52000/36000)
```

Vitabu vya biashara hukiita kiasi hiki EOQ. Aliyeichapisha fomula hii kwanza ni Mmarekani Ford W. Harris, mwaka 1913, akiwaza mambo ya kiwandani: mashine ikishaandaliwa, itengeneze vipande vingapi kabla ya kubadilishwa kwenda kazi nyingine. Safari yako ya Kariakoo ni sawa na kuandaa ile mashine.

Hatua ya 5: Weka jibu kwenye mizani kabla ya kuliamini

Usikimbilie kununua 30. Linganisha kwanza na viasi vingine. Gharama ya safari kwa mwaka ni idadi ya safari mara 52,000. Gharama ya kukaa ni nusu ya oda mara 36,000. Tunachukua nusu kwa sababu mzigo ukifika ni mzima na siku ya mwisho ni sifuri, hivyo kwa wastani stoo ina nusu yake.

| Mifuko kwa oda | Safari kwa mwaka (Sh) | Kukaa stoo (Sh) | Jumla (Sh) |
|---|---|---|---|
| 6 | 2,704,000 | 108,000 | 2,812,000 |
| 12 | 1,352,000 | 216,000 | 1,568,000 |
| 24 | 676,000 | 432,000 | 1,108,000 |
| 30 | 540,800 | 540,000 | 1,080,800 |
| 36 | 450,667 | 648,000 | 1,098,667 |
| 60 | 270,400 | 1,080,000 | 1,350,400 |

Mama yetu alikuwa anachukua mifuko 6 kila wiki. Alipoona mstari wa kwanza alinyamaza, akaniuliza kama nimekosea sifuri. Sikukosea. Safari 52 kwa 52,000 ni hizo hizo 2,704,000, ila alikuwa anazitoa vipande vipande, kwa hiyo hakuwahi kuziona zikiwa pamoja.

Kwenye 30 safari na kukaa vinakaribia kulingana kabisa. Hiyo ni alama nzuri ya kukagulia kazi yako: kwenye kiasi nafuu, gharama mbili hizi huwa sawa. Zikipishana sana, umekosea mahali.

Lakini tazama 24 na 36. Kati ya 24 na 30 tofauti ni 27,200 kwa mwaka mzima. Karibu na jibu, gharama ni kama uwanda, haipandi haraka. Maana yake huna haja ya kununua 30 kamili. Mimi nilimshauri 24: ni wiki nne kamili, rahisi kukumbuka, na inadai mtaji wa milioni 3 badala ya 3,750,000. Hiyo 750,000 iliyobaki ina kazi nyingine dukani. Pia haina maana kugombana kama gharama ya safari ni 52,000 au 55,000. Kosa dogo kwenye namba zako halitakuumiza, kosa kubwa la kusahau duka lililofungwa ndilo litakaloumiza.

Hatua ya 6: Kama safari ni moja na bidhaa ni nyingi

Hakuna anayekwenda Kariakoo kwa ajili ya sukari peke yake. Kosa la kawaida ni kupiga hesabu ya kila bidhaa kwa safari nzima ya 52,000: sukari inasema wiki tano, mafuta yanasema nane, na unajikuta barabarani kila mara. Badala yake tafuta muda wa safari moja kwa bidhaa zote.

Tuongeze mafuta ya kula, dumu la lita 20. Anauza 4 kwa wiki, sawa na 208 kwa mwaka. Dumu linafika kwa 90,000, na kukaa mwaka ni 22,000 kwa dumu.

Kwa kila bidhaa zidisha mauzo ya mwaka kwa gharama ya kukaa, kisha jumlisha:

Sukari: 312 × 36,000 = 11,232,000
Mafuta: 208 × 22,000 = 4,576,000
Jumla: 15,808,000

Sasa chukua 2 × 52,000 = 104,000, gawanya kwa hiyo jumla, upate 0.006579. Kipeuo chake cha pili ni 0.0811. Zidisha kwa 52 na utapata wiki 4.2. Weka nne. Kila safari analeta mifuko 24 ya sukari na madumu 16 ya mafuta. Ukiongeza mchele na sabuni, muda utazidi kufupika, na ndivyo inavyotakiwa: safari moja inabebwa na bidhaa nyingi, kwa hiyo kila bidhaa inailipia kidogo. Huna haja ya kuingiza vibiriti na peremende. Chukua bidhaa tano au sita zinazomeza hela nyingi, ndogo ndogo zitapanda gari hilo hilo.

Hatua ya 7: Jua siku ya kuondoka

Hesabu iliyopita inakuambia kiasi, haikuambii lini. Hesabu siku kutoka unapoamua kwenda mpaka mzigo unashuka dukani. Kwa mama yetu ni siku 4, kwa sababu kenta hungoja ijae. Kwa mifuko 6 kwa wiki, siku 4 zinakula mifuko mitatu na nusu, tuseme 4. Ongeza akiba ya mifuko 2 kwa siku kenta ikikwama au wateja wakizidi. Kwa hiyo stoo ikibaki na mifuko 6, anafunga safari. Alichora mstari kwa chaki ukutani, usawa wa mifuko sita iliyopangwa. Mstari ukionekana, anampigia simu muuza jumla.

Akiba hiyo ya mifuko 2 inamgharimu 72,000 kwa mwaka. Ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa hiyo usiipandishe mpaka kumi kwa hofu tu.

Muuza jumla akikupa punguzo

Fomula haijui punguzo, hesabu yake ifanye kando. Tuseme anakwambia: chukua 50, kila mfuko nakutolea 1,500. Kwa mwaka unaokoa 312 × 1,500 = 468,000. Kwa oda za 50, safari zinakuwa 6.24, yaani 324,480. Mfuko sasa unafika kwa 123,500, kwa hiyo kukaa kwake ni 35,640, na mifuko 25 ya wastani inakula 891,000. Jumla ni 1,215,480, zaidi ya ile ya oda za 24 kwa 107,480. Ukitoa hiyo kwenye 468,000 unabaki na faida ya 360,520. Punguzo hili linalipa.

Linalipa kama unayo 6,175,000 ya kutoa siku hiyo na stoo inapokea mifuko 50 bila kugusa ukuta wenye unyevu. Kama hela hiyo itakufanya ukose mafuta na mchele kwa wiki mbili, mwachie. Mteja akikosa mafuta kwako ataenda duka la jirani, na sukari atanunua huko huko.

Mambo yakikataa

*Jibu limetoka kubwa ajabu.* Karibu kila mara umechanganya mwaka na mwezi. Kwa namba zetu, ukiweka mauzo ya mwaka 312 na gharama ya kukaa ya mwezi 3,000, utapata mifuko 104. Ukifanya kinyume, mauzo ya mwezi 26 na gharama ya mwaka 36,000, utapata karibu 9. Weka vyote viwili kwa mwaka.

*Jibu ni sawa ila mtaji hautoshi.* Nunua unachoweza, ukielekea kwenye jibu. Kutoka 6 kwenda 12 tu, mama yetu anaokoa 1,244,000 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya anachookoa kutoka 12 mpaka 30. Sehemu nono iko mwanzoni. Angalia pia kama unaweza kuikata gharama ya safari yenyewe: jirani wawili mkipokezana kwenda, au muuza jumla akikubali oda ya simu na kupakia kwenye kenta, fomula itakuruhusu oda ndogo bila hasara.

*Mzigo unaharibika kabla ya kuisha.* Gawanya oda kwa mauzo ya wiki. Oda ya viroba 20 vya unga unaouza 2 kwa wiki ni wiki kumi. Kama kabla ya hapo unga unaanza kupata wadudu, muda wa unga ndio unaotawala, fomula ikae kimya. Nyanya, mkate na maziwa usizipigie hesabu hii kabisa.

*Mauzo yamepanda ghafla, mfano Ramadhani.* Chukua kasi ya msimu huo. Sukari ikipanda kutoka mifuko 6 mpaka 10 kwa wiki, weka 520 badala ya 312, na jibu litakuwa 39. Wengi hushangaa: mauzo yamepanda kwa theluthi mbili, oda imepanda kwa chini ya theluthi moja. Ni kazi ya kipeuo. Mauzo yakiongezeka, sehemu unaimaliza kwa oda kubwa zaidi na sehemu kwa kwenda mara nyingi zaidi. Ila mstari wa chaki usisahau kuupandisha, kwa sababu siku 4 za kungoja kenta sasa zinakula karibu mifuko 6. Pamoja na akiba ya 2, mstari unakwenda kwenye 8. Na mwezi ukiandama wa Shawwal, urudishe kwenye 6.

*Bei inayumba.* Fomula inadhani bei ya leo ni ya kesho. Kwa sukari ya Tanzania hilo si kweli kila mwaka: viwanda vya miwa husimama kusaga wakati wa masika, na mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua nyingi kuvuruga uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na bei ikaruka. Ukinunua zaidi kabla ya masika unacheza na bei, na hiyo ni hesabu nyingine yenye hatari yake, kwa sababu sukari ya nje ikiingia bei hushuka ukiwa na stoo imejaa. Mama wa Kisarawe huongeza wiki mbili za mauzo tu, mifuko 12, mwezi wa pili, na kila mfuko wa ziada huuandikia ile 3,000 yake ya kila mwezi kwenye daftari.